Kugawanya kwa Kurudisha: Mapigo Mangapi ya Saa?

Saketi ya kugawanya hufanya kama mwanafunzi daftarini: hushusha tarakimu moja, hujaribu kutoa, na jibu likiwa hasi hurudisha ilichotoa. Tugawe 13 kwa 3, yaani 1101 kwa 0011. Rejista ya baki huanza na 0. Biti ya kwanza ikiingia, baki ni 1. 3 haitoki, tunarudisha na kuandika 0. Ya pili inafanya baki iwe 3. Kutoa kunafaulu, tunaandika 1. Mbili za mwisho zinashindwa. Jibu ni 0100, yaani 4, baki 1.

Kupakia namba huchukua pigo 1 la saa, kusogeza 4, kutoa 4, kurudisha 3: jumla 12. Tukisogeza na kutoa katika pigo moja, bila kuhifadhi jibu hasi, yanatosha 5.