Mateke ya Farasi na Hesabu ya Jozi

Mwaka 1898 Ladislaus von Bortkiewicz, mwanatakwimu mzaliwa wa St. Petersburg, alichapisha kwa Kijerumani kitabu kidogo kuhusu sheria ya idadi ndogo. Ndani yake mna jedwali ambalo walimu wa takwimu wanalifundishia hadi leo. Ni hesabu ya askari wa jeshi la Prusia waliokufa kwa kupigwa mateke na farasi, kikosi kwa kikosi na mwaka kwa mwaka, kuanzia 1875 hadi 1894.

Vikosi vilikuwa 14, lakini hesabu inayojulikana zaidi inatumia 10 kati yake. Hivyo vinne vilivyobaki tutavirudia. Vikosi 10 kwa miaka 20 vinatupa mistari 200, kila mstari ukiwa ni kikosi kimoja katika mwaka mmoja. Katika mistari 109 hakufa mtu. Katika mistari 65 alikufa mmoja, katika 22 walikufa wawili, katika 3 walikufa watatu, na mstari 1 tu ulikuwa na vifo vinne. Jumla ni vifo 122. Ukivigawa kwa mistari 200 unapata wastani wa 0.61 kwa kila kikosi kwa mwaka.

Wastani peke yake hautoshi. Tunataka pia kujua vifo hivyo vilitawanyika kiasi gani kuuzunguka wastani wake, na kipimo cha mtawanyiko huo ndicho kinachoitwa varianzi. Njia inayofundishwa kwanza ni ndefu: chukua kila idadi, itoe kwenye wastani, zidisha tofauti hiyo kwa yenyewe, kisha tafuta wastani wa majibu yote. Kwa 0.61 kazi hiyo inajaa desimali. Mwanafunzi anayetaka kuthibitisha kanuni ya varianzi kwa herufi badala ya tarakimu hukutana na mfululizo mrefu wa kujumlisha, na wengi hupotelea humo.

Ipo njia fupi. Badala ya kuzidisha idadi kwa yenyewe, izidishe kwa idadi iliyo pungufu yake kwa moja. Sifuri inabaki sifuri. Moja mara sifuri ni sifuri. Mbili mara moja ni 2, tatu mara mbili ni 6, nne mara tatu ni 12. Wastani wa majibu hayo unaitwa momenti faktoria ya pili. Jina ni zito, lakini kinachohesabiwa ni kitu chepesi: jozi. Wakifa askari wawili, unaweza kumtaja huyu kisha yule, au yule kisha huyu. Hizo ni jozi 2. Wakifa watatu, unaweza kuanza na yeyote kati ya watatu, kisha ukamfuatisha yeyote kati ya wawili waliobaki. Hizo ni jozi 6. Aliyekufa peke yake hana wa kuunganishwa naye.

Tuone jedwali linavyopungua. Mistari 109 isiyo na kifo na 65 yenye kifo kimoja haina jozi hata moja, kwa hiyo mistari 174 kati ya 200 inaondoka papo hapo. Mistari 22 yenye vifo viwili inatoa jozi 44, ile 3 yenye vifo vitatu inatoa 18, na ule 1 wenye vifo vinne unatoa 12. Jumla ni 74. Gawanya kwa 200, unapata 0.37.

Hiyo 0.37 bado si varianzi, na hapa ndipo makosa hutokea. Tulipozidisha kwa pungufu ya moja tuliacha kitu nje, nacho ni lazima kirudishwe. Mraba wa idadi yoyote ni jozi zake ukijumlisha idadi yenyewe: mraba wa 3 ni 9, yaani jozi 6 na 3. Kwa hiyo wastani wa miraba ni wastani wa jozi ukijumlisha wastani wa kawaida. Na kwa kuwa varianzi ni wastani wa miraba ukitoa mraba wa wastani, kanuni nzima inakuwa hivi:

varianzi = wastani wa jozi + wastani − mraba wa wastani

Kwa farasi wa Prusia: 0.37 + 0.61 − 0.3721 = 0.6079. Anayesahau kurudisha ile 0.61 atapata −0.0021, na varianzi haiwezi kuwa chini ya sifuri. Ukiona alama ya kutoa mbele ya jibu lako, anza kuangalia hapo.

Faida kubwa ya njia hii inaonekana tunapoacha jedwali na kutafuta kanuni. Chukua trei ya mayai 30 inayosafirishwa kwa barabara mbovu. Tuseme kila yai lina uwezekano wa 0.1 wa kupasuka, na kupasuka kwa moja hakuhusiani na kupasuka kwa jingine. Idadi ya mayai yatakayopasuka inafuata mgawanyo wa binomia. Wastani wake hauna shida: 30 mara 0.1 ni mayai 3.

Ili kupata varianzi kwa njia ndefu ungehitaji uwezekano wa kupasuka yai 0, 1, 2, na kuendelea hadi 30. Hizo ni hesabu 31, kila moja ikizidishwa kwa mraba wake, kisha zote zijumlishwe. Kwa njia ya jozi swali ni moja tu: je, trei ina jozi ngapi za mayai, na kila jozi ina uwezekano gani wa kupasuka yote mawili? Yai la kwanza linaweza kuwa lolote kati ya 30, na la pili lolote kati ya 29 yaliyobaki, kwa hiyo jozi ni 870. Uwezekano wa mayai yote mawili kupasuka ni 0.1 mara 0.1, yaani 0.01. Wastani wa jozi zilizopasuka ni 8.7. Sasa weka kwenye kanuni: 8.7 + 3 − 9 = 2.7. Hesabu imekwisha bila mfululizo wowote.

Weka herufi badala ya tarakimu, mayai yakiwa n na uwezekano p. Jozi ni n(n−1), kila moja ina uwezekano p², na wastani ni np. Basi:

varianzi = n(n−1)p² + np − n²p² = np − np² = np(1−p)

Hiyo ndiyo kanuni ya varianzi ya binomia iliyomo katika kila kitabu cha takwimu. Anayeipenda njia ya mfululizo naye anapata nafuu. Uwezekano wa binomia una k faktoria kwenye kigawanyo, yaani k(k−1)(k−2) na kushuka hadi 1. Ukizidisha kwa k(k−1), vizidisho viwili vya juu vinafutika kabisa. Ukizidisha kwa k mara k, kimoja tu kinafutika na kingine kinabaki kukusumbua. Ndiyo sababu momenti hii ikaitwa ya faktoria.

Sasa turudi kwa farasi. Kikosi kilikuwa na maelfu ya askari, na uwezekano wa mmoja wao kuuawa kwa teke katika mwaka mmoja ulikuwa mdogo sana. Hapa n ni kubwa, p ni ndogo, lakini zao lao np linabaki idadi ya kawaida. Tuliite λ. Jozi zetu n(n−1)p² ni sawa na λ² ikipunguzwa sehemu moja ya n. Kwa mayai 30 punguzo hilo lilionekana, maana lilitutoa 9 hadi 8.7. Kwa maelfu ya askari halionekani tena, na wastani wa jozi unabaki λ². Basi varianzi ni λ² + λ − λ², yaani λ. Katika matukio adimu yanayotokea kila moja kivyake, varianzi na wastani ni kitu kimoja. Huo ndio mgawanyo unaobeba jina la Mfaransa Siméon Denis Poisson, aliyeuchapisha mwaka 1837.

Jedwali linakubali. Wastani ulikuwa 0.61, na mraba wake ni 0.3721. Jozi tulizohesabu kwenye mistari zilitoa 0.37. Teke moja halikuita teke jingine.

Lakini njia hii imesimama juu ya sharti moja, nalo ni kule kuzidisha p kwa p. Tuseme mayai hayapasuki moja moja. Tuseme trei nzima huanguka mara moja katika kila safari 10, na yote 30 yakapasuka pamoja. Wastani unabaki 3 vilevile. Jozi hata hivyo hazina tena uwezekano wa 0.01, kwa kuwa yai moja likipasuka jingine nalo limepasuka. Uwezekano wa jozi sasa ni 0.1, wastani wa jozi ni 87, na varianzi ni 87 + 3 − 9 = 81. Wastani haukusema neno. Jozi ndizo zilizofichua.

Na sasa vile vikosi vinne. Bortkiewicz alieleza kwamba muundo wao ulitofautiana na wa vingine, na kimojawapo kilikuwa kikosi cha walinzi. Ukivirudisha, mistari inakuwa 280 na vifo 196, wastani 0.7. Jozi zinakuwa 154, na wastani wake 0.55. Mraba wa 0.7 ni 0.49. Jozi zimezidi, na varianzi imepanda hadi 0.76, juu ya wastani.

Sababu moja ni kuchanganya makundi yasiyolingana. Vikosi vinne vilikuwa na vifo 74 katika mistari 80, yaani wastani wa 0.925, wakati vile 10 vilikuwa na 0.61. Kila kundi likifuata Poisson kwa wastani wake, mchanganyiko wao bado unatarajiwa kuwa na jozi kama 0.51, kwa sababu wastani wa miraba huwa mkubwa kuliko mraba wa wastani. Pengo lililobaki, kutoka 0.51 hadi 0.55, ni dogo, na kwa mistari 280 bahati tu inaweza kulileta. Kwa hiyo jozi zikizidi kidogo usikimbilie kusema matukio yanaambukizana. Uliza kwanza kama umechanganya makundi, kisha uliza kama data yako ni nyingi kiasi cha kutofautisha ziada hiyo na bahati.

Ukiwa na daftari la matukio adimu, iwe ni ajali za njia panda moja kila mwezi au hitilafu za mashine kila wiki, hesabu jozi zake, tafuta wastani wake, kisha ulinganishe na mraba wa wastani wa kawaida. Zikilingana, Poisson inafaa. Jozi zikiwa chache kwa wazi, idadi ina kikomo kama mayai ya trei, au tukio moja linazuia jingine. Zikiwa nyingi kwa wazi, ama makundi yamechanganyika, ama trei imeanguka.