Tangazo la Aprili Lililohamia Machi

Chukulia duka la viatu Kariakoo lililotangaza mtandaoni Aprili 2024, wakati wa Idi. Mhasibu anapakua mafaili mawili, la tarehe 1 hadi 15 na la 15 hadi 30, anayaunganisha kwenye Excel, kisha anakuta matumizi ya Machi. Machi duka halikutangaza chochote.

Kosa liko kwenye tarehe. Faili limeandika mwezi kwanza, kompyuta inasoma siku kwanza. Hivyo 04/03/2024, yaani Aprili 3, inakuwa Machi 4 kimyakimya. Ila 04/15/2024 haiwezekani, kwa kuwa hakuna mwezi wa 15, basi inabaki maandishi na kuegemea kushoto mwa kisanduku. Safu yenye tarehe za kushoto na za kulia ndiyo dalili. Kurekebisha zile za kushoto tu hakutoshi; faili liingizwe upya, safu ya tarehe ikisomwa kama maandishi, kisha:

```
=DATE(RIGHT(A2,4),LEFT(A2,2),MID(A2,4,2))
```

Majina yanafuata. “Idi_Viatu” na “idi viatu ” yenye nafasi mwishoni ni kampeni moja, lakini Excel inaona mbili:

```
=LOWER(TRIM(SUBSTITUTE(B2,"_"," ")))
```

Hapo ndipo zifutwe safumlalo zilizojirudia kwa Remove Duplicates. Wengi huanza na hatua hii, na Aprili 15, iliyomo katika mafaili yote mawili, inaponyoka kwa sababu ya nafasi ile. Namba ya tangazo iwemo kwenye ulinganisho, maana matangazo mawili tofauti yanaweza kugharimu shilingi zilezile siku moja.