Pasentaili ya 70 Si Alama 70

Kijana wa Afrika Mashariki anayeomba nafasi ya shahada ya uzamili Marekani huenda akatakiwa kufanya mtihani wa GRE. Matokeo yakirudi, kila sehemu ya mtihani huwa na namba mbili. Ya kwanza ni alama yenyewe, ambayo katika sehemu ya hesabu na ile ya lugha huanzia 130 na kuishia 170. Ya pili huitwa pasentaili, na haivuki 99. Tuseme hiyo ya pili ni 70. Wazazi wakiiona wataisoma kama walivyozoea kusoma ripoti za shule: mtoto kapata sabini kwa mia, yaani katika kila maswali kumi amepata saba.

Sivyo inavyosema namba hiyo. Haigusi kabisa idadi ya maswali aliyopata. Inasema kwamba katika kila watu 100 waliofanya mtihani huo, yeye amewapita kama 70. Alama ya asilimia hupatikana kwa kulinganisha majibu ya mtahiniwa na mtihani wote. Pasentaili hupatikana kwa kumlinganisha mtahiniwa na watahiniwa wenzake. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na moja iliyo juu na nyingine iliyo chini, na zote mbili zikawa sahihi.

Tuone kwa darasa la mfano lenye wanafunzi 40, na tumfuate mmoja wao, tumwite Neema. Katika mtihani wa hisabati, ambao ulikuwa mgumu, Neema amepata 48 kwa mia. Mwalimu akipanga karatasi zote kuanzia alama ya chini, anakuta wanafunzi 27 wako chini ya 48, wawili wamefungana kwa 48 (Neema na mwenzake), na 11 wako juu. Ili kupata pasentaili, tunachukua wote walio chini, tunaongeza nusu ya wale waliofungana, kisha tunagawa kwa idadi ya darasa zima. Ni 27 na 1, jumla 28. Ukigawa 28 kwa 40 na kuzidisha kwa 100, unapata 70. Neema yuko kwenye pasentaili ya 70, na zaidi ya nusu ya alama za mtihani zimempita.

Wiki hiyohiyo darasa limefanya mtihani wa Kiswahili, nao ulikuwa mwepesi. Neema amepata 70 kwa mia. Safari hii walio chini yake ni 8 tu, wanne wamefungana kwa 70 akiwemo yeye, na 28 wamemzidi. Tunachukua 8, tunaongeza nusu ya wanne ambayo ni 2, tunapata 10. Kumi kwa arobaini ni 25. Alama yake ni 70, lakini pasentaili yake ni ya 25.

Mzazi atauliza, basi amefanya vizuri wapi? Inategemea anataka kujua nini. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani la Tanzania katika kidato cha nne, ambako B ni 65 hadi 74 na C ni 45 hadi 64, Kiswahili cha Neema ni B na hisabati yake ni C. Mipaka hiyo imewekwa kabla mtihani haujaanza, wala haisogei kwa sababu darasa zima limefaulu au limeanguka. Lakini kama swali ni somo gani Neema anawazidi wenzake, jibu ni hisabati, tena kwa mbali.

Wasomaji wengi wanaijua pasentaili kwa sura nyingine, yaani nafasi. Ripoti inaposema mtoto ni wa 12 kati ya 40, imetaja mahali alipo katika msururu. Udhaifu wa nafasi ni kwamba haina maana mpaka utaje ukubwa wa kundi. Wa 12 kati ya 40 amewapita wanafunzi 28. Wa 12 kati ya 400 amewapita 388, naye yuko kwenye pasentaili ya 97. Pasentaili huyachukua makundi yote, makubwa na madogo, na kuyapima kana kwamba kila moja lina watu 100. Ndiyo maana mitihani yenye watahiniwa wengi wa nchi nyingi huitumia.

Si kila mtu huhesabu waliofungana kwa namna moja. Wengine huhesabu walio chini peke yao, na Neema angepata 27 kwa 40, yaani 67.5. Wengine huhesabu walio chini pamoja na wote waliofungana, naye angepata 29 kwa 40, yaani 72.5. Katika darasa la watu 40 tofauti hiyo inaonekana. Katika mtihani wa watu laki moja, waliofungana kwenye alama moja huwa sehemu ndogo ya wote, na tofauti hupungua. Kwa hiyo pasentaili iliyotolewa kwa darasa dogo isisomwe kwa ukali sana. Mwanafunzi mmoja akipata au akikosa swali moja, namba ya mwenzake inasogea. Na kama hesabu ni ya walio chini peke yao, hakuna anayeweza kufika 100, kwa kuwa hakuna anayejipita mwenyewe.

Kipimo hiki kilianzia nje ya darasa. Mwaka 1884 Mwingereza Francis Galton alifungua chumba cha vipimo katika maonyesho ya afya jijini London. Watu 9,337 walipimwa humo urefu, uzito, nguvu za mkono, uwezo wa macho na mengineyo. Alipochapisha matokeo mwaka 1885 alikabiliwa na swali ambalo asilimia haiwezi kulijibu. Nguvu za mkono hazina mia yake. Hakuna urefu ambao ukiufikia umepata alama zote. Alichoweza kufanya ni kuwapanga watu kuanzia wa chini hadi wa juu, kisha kuonyesha ni kipimo gani kinachowazidi 10 katika kila 100, kipi kinawazidi 20, na kuendelea. Pasentaili ilifaa mahali ambapo hapakuwa na alama kamili ya kulinganisha nayo.

Ndivyo inavyotumika hata leo kwa watoto wadogo. Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vyake vya ukuaji mwaka 2006, baada ya kupima watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Kwa viwango hivyo, mtoto wa kiume wa miezi 12 mwenye kilo 9.6 yuko katikati kabisa, pasentaili ya 50. Mwenye kilo 8.6 yuko karibu na pasentaili ya 15, na mwenye kilo 10.8 yuko karibu na ya 85. Mama akiambiwa mwanawe yuko kwenye ya 15, akaisoma kama alama ya shule, atadhani mtoto ameanguka vibaya. Lakini katika watoto 100 wenye afya lazima wawepo walio wadogo kuliko wenzao. Mhudumu wa kliniki huangalia zaidi kama mtoto anafuata mstari wake mwezi hadi mwezi. Aliyekuwa kwenye ya 60 akashuka hadi ya 15 anahitaji kuangaliwa kwa makini kuliko aliyeanzia 15 na kubaki palepale.

Kuna jambo la pili linaloitofautisha pasentaili na alama, nalo huwapotosha hata walimu: hatua zake hazilingani. Chukua mtihani mkubwa ambao wastani wake ni 50, na theluthi mbili hivi ya watahiniwa wamepata kati ya 40 na 60, huku waliobaki wakipungua kidogokidogo kuelekea juu na kuelekea chini. Mitihani mingi mikubwa hukaribia umbo hilo. Hapo pasentaili ya 50 ni alama 50, na ya 60 ni alama 52.5. Kwa alama mbili na nusu tu umewapita watu kumi zaidi katika kila mia, kwa sababu katikati watu wamesongamana. Kutoka pasentaili ya 90 hadi ya 99 ni kuwapita watu tisa tu katika mia, lakini alama hupanda kutoka 63 hadi 73. Huko juu watu ni wachache na wametawanyika.

Katika mtihani huohuo, pasentaili ya 70 ni alama 55, na alama 70 ni pasentaili ya 98 hivi. Sabini hizi mbili zina watu wawili tofauti kabisa. Na mwanafunzi aliyetoka pasentaili ya 50 hadi ya 60 asisifiwe mno, wala aliyeshuka hivyo asigombezwe mno, kabla hujauliza ni alama ngapi zilizosogea.

Jambo la mwisho ni kundi lenyewe. Pasentaili haina maana mpaka ujue ni ya nani. Turudi kwenye GRE: kwa miaka mingi sasa, alama 160 katika sehemu ya lugha imekuwa na pasentaili ya juu kuliko alama 160 katika hesabu. Wengi wa wanaofanya mtihani huo ni wanaotaka kusomea uhandisi, kompyuta na sayansi, ambao hesabu ni kazi yao ya kila siku, na wengi wao wamejifunza Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu. Kwa hiyo kuwapita katika hesabu ni kugumu zaidi. Tena watayarishaji hukokotoa pasentaili upya kadiri miaka inavyosonga, wakitumia watahiniwa wa miaka ya karibuni. Alama yako inabaki ilivyo, lakini pasentaili yake inaweza kupanda au kushuka wewe ukiwa umelala nyumbani.

Basi unapokutana na 70 kwenye karatasi ya matokeo, anza kwa kutafuta neno linaloifuata. Kama ni asilimia, uliza mtihani ulikuwa na nini na mpaka wa kufaulu ni upi. Kama ni pasentaili, uliza waliolinganishwa ni akina nani, walikuwa wangapi, na alama yenyewe ni ngapi.

Kisha uliza uamuzi unaofanywa ni wa aina gani. Kama ufadhili ni wa watu 30 na waombaji ni 100, pasentaili inatosha, kwa sababu kazi ni kuchagua walio mbele. Lakini muuguzi anayefanyiwa jaribio la kukokotoa vipimo vya dawa hapimwi kwa wenzake. Darasa zima likiwa limekosea nusu ya hesabu, aliye kwenye pasentaili ya 70 anaweza kuwa amepata 55 kwa mia, na mgonjwa wake hasaidiwi chochote na habari kwamba wauguzi wengine walikosea zaidi.