Barua pepe ya Oktoba kutoka kwa mchapaji

Oktoba ikiingia, ofisi nyingi za Dar es Salaam hupokea barua pepe zinazofanana: mchapaji anakaribisha oda za kalenda, fulana na madaftari yenye nembo ya kampuni. Chini kabisa huandika kwamba bei inategemea idadi. Anza kusoma hapo.

Chukua kalenda ya ukutani yenye karatasi sita, kila moja na miezi miwili na picha yake. Mashine ya ofseti huchapa picha za rangi kwa wino wa aina nne, na kila wino una pleti yake. Sita mara nne, pleti 24. Uchape 100 au 1,000, pleti ni hizohizo, kwa hiyo anayetaka 100 hushtuka akiona bei ya kalenda moja. Huyo afadhali aulizie zile zilizokwisha kuchapwa picha na tarehe, zikaachwa ukanda mtupu chini. Jina la kampuni huongezwa pale kwa rangi moja, kazi ikaisha. Picha ya twiga huenda ikafanana na ya jirani, lakini nani atalalamika?

Kwenye fulana, hesabu iko kwenye nembo. Ikichapwa kwa skrini, kila rangi hutaka skrini yake. Ikidariziwa, maandishi madogo ndiyo hutaabika: herufi zikiwa chini ya milimita 5 hivi, nyuzi huzibana na kaulimbiu haisomeki. Ni heri kuiacha. Madaftari hayana makuu. Nembo hugongwa kwenye jalada, basi.

Kinachochelewesha kazi mara nyingi ni nembo yenyewe. Mteja hutuma picha aliyoitoa WhatsApp, na kwenye simu inapendeza. Ikikuzwa, kingo zake huwa na vijingazi na mchapaji hulazimika kuichora upya. Muombe aliyeibuni akupe faili la PDF, ulifungue na kulikuza mara nane. Kingo zikibaki laini, litafaa.

Kisha inakuja prufu, nakala ya kukagua kabla mashine haijawashwa. Wengi hutazama nembo na namba ya simu, wakasaini. Tazama tarehe, maana wabunifu hupenda kuanzia faili la mwaka uliopita. Kwa kalenda ya 2027, Januari Mosi ni Ijumaa, na kwa kuwa Februari ina siku 28, Desemba 31 nayo lazima iwe Ijumaa. Zikitofautiana, kuna mwezi uliokosewa katikati. Muungano, Aprili 26, ni Jumatatu. Idi ziandikwe kwamba zinategemea mwandamo wa mwezi. Ukishasaini, kosa litakaloonekana baadaye kwa kawaida huhesabiwa lako, na pleti mpya utazilipia wewe.