Mafuta yaliyoganda kwenye bomba la sinki

Sinki linaloziba kwa mafuta haliachi kupitisha maji ghafla. Kwanza maji yanajizungusha kidogo kabla ya kushuka. Baada ya wiki kadhaa povu la sabuni linabaki chini ukimaliza kuosha vyombo, bomba linaguguma, na harufu ya uvundo inaanza kupanda. Likiziba papo hapo, mara nyingi kuna kitu kimeangukia ndani, kama kijiko au kitambaa. Likipungua kasi polepole, shuku mafuta.

Mafuta hayo hushuka yakiwa ya moto na majimaji. Yakifika sehemu ya bomba iliyopoa, yanaganda ukutani. Mafuta ya ng'ombe huganda upesi. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana chupa iliyo majimaji Mombasa huwa nyeupe na ngumu Nairobi mwezi wa Julai. Utando ukishajitengeneza, hunasa punje za wali, majani ya chai na jivu la kusugulia masufuria. Jivu na mchanga ndivyo vinavyoufanya uwe mgumu kiasi kwamba maji ya moto peke yake hayauwezi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanamwaga birika zima la maji yanayochemka, sinki linapita vizuri siku mbili, kisha linarudia. Mafuta hayakutoka. Yameyeyuka, yakasogea mita moja mbele, yakaganda tena mahali ambapo ni vigumu zaidi kuyafikia. Isitoshe, mabomba ya plastiki ya PVC hayapendi joto linalozidi nyuzi 60. Hulegea na maungio huanza kuvuja. Soda ya kuokea na siki nazo hutoa povu la kuvutia, lakini zikikutana huuana nguvu, na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo yasiyong'oa mafuta. Kostiki soda kweli hushambulia mafuta, ila huchoma ngozi na macho, na ikishindwa kupita hubaki bombani ikimsubiri atakayelifungua.

Mafuta yanapaswa kutolewa kwa mkono. Tuseme sinki la nyumba ya kupanga linachukua dakika kumi kumaliza maji. Kabla ya kufungua chochote, angalia mifereji mingine. Kama ya bafuni nayo inasuasua, au chemba ya nje imejaa, tatizo liko kwenye njia kuu, na kuhangaika chini ya sinki ni kupoteza muda. Kama ni sinki la jikoni peke yake, endelea.

Chota maji yaliyobaki, weka ndoo chini, kisha fungua kile kikombe kinachobaki na maji ya kuzuia harufu. Cha plastiki hufunguka kwa mkono. Ndani utakuta uji mzito wa kijivu. Ukwangue kwa kijiko kikuukuu, uufunge kwenye gazeti na uutupe kwenye taka; ukiuosha kwenye sinki la bafuni umehamisha ugonjwa. Itazame ile pete ya mpira na uirudishe ikiwa imekaa sawasawa, maana ikipinda sinki litavuja.

Kikombe kikiwa karibu safi, mafuta yako mbele, kwenye bomba la kulala linaloelekea ukutani. Ingiza waya wa kuzibulia, uzungushe ukikutana na ugumu, kisha uvute nje polepole na kuufuta kila mara. Usiusukume tu, kwa sababu utatoboa tundu jembamba katikati na kuacha ukuta wote wa mafuta ulivyokuwa.

Ndipo maji ya moto yanapofaa. Rudisha kikombe, ziba tundu la sinki, changanya maji yaliyochemka na ya bomba kiasi sawasawa, upate takriban nyuzi 60. Jaza sinki, tia vijiko vitatu vya sabuni ya vyombo, kisha zibua kwa mara moja. Uzito wa maji yote yakishuka pamoja huburuta mabaki, na sabuni huyashika yasigande tena mapema. Rudia mara mbili, kisha nenda chembani uone: vipande vyeupe vikielea, kazi imefanyika. Vichote navyo.

Baada ya hapo, futa sufuria ya nyama kwa karatasi kabla ya kuiosha, na jivu la kusugulia limwage nje.

Sinki likianza kusuasua tena ndani ya mwezi mmoja ingawa mafuta hayamwagwi, muite fundi bomba aje na pimamaji. Bomba la kulala linahitaji kushuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Lililolala tambarare, au lililopinda katikati kwa kukosa kishikizo, hutuamisha maji, na mafuta yatakaa hapo hadi bomba litakapoinuliwa.