Komfri: Juu ya Ngozi na Ndani ya Ini

Anayepita nyuma ya nyumba za Milimani, katika jiji la Kisumu, pale ambapo bustani kubwa za zamani zimegawanywa baina ya maua ya baraza na vibanda vya sungura na kuku, si ajabu akikuta kando ya bomba la maji kichaka kifupi chenye majani mapana, marefu, yenye malaika wakali wanaowasha kiganja, na maua madogo ya zambarau yaliyoinamisha vichwa. Mmea huo ndio komfri, ambao wafugaji wengi wa bara ya Kenya huujua kwa jina la mabaki, na aghalabu haukupandwa kwa ajili ya binadamu, bali kwa ajili ya mifugo, maana hukatwa leo na baada ya majuma machache ukawa umechipua tena, na kipande cha mzizi kilichosahauliwa ardhini hakikosi kutoa shina jipya. Aina iliyosifiwa zaidi kwa lishe ni ile iitwayo komfri ya Kirusi, ambayo Mwingereza Lawrence Hills aliipigia debe mno katika miaka ya 1950 kutoka shamba lake la majaribio huko Bocking, akiwahimiza wakulima waipande kwa wanyama na kwa mboji, na watu nao waitie chunguni. Wasia huo wa mwisho ndio uliokuja kuleta balaa.

Maana komfri ina sifa mbili zisizopatana, na hakuna haja ya kuikana moja ili kuithibitisha ya pili. Ikiwekwa juu ya ngozi nzima, penye kifundo kilichoteguka, hupunguza maumivu na uvimbe. Ikimezwa, iwe chai, juisi, mboga au unga wa mzizi, huliharibu ini. Wapo waganga wa mitishamba wanaoikuza sifa ya kwanza hata wakaisahau ya pili, na wapo matabibu wanaoiogopa ya pili hata wakaidharau ya kwanza. Mimi naona pande zote mbili zinamkosesha mgonjwa haki yake.

Tuanze na kifundo. Tuseme kijana mtu mzima amecheza mpira jioni, mguu ukamgeukia ndani, na kano za upande wa nje wa kifundo zikavutwa kupita kiasi chake. Kabla ya kufikiria jani lolote ni wajibu kujua kama mfupa umesalimika, na kwa hilo matabibu wana kipimo chepesi: mwenye kuumia akishindwa kukanyaga hatua nne, au akiumia anapobonyezwa juu ya mfupa wenyewe, ukingo wa nyuma au ncha ya lile fundo la nje au la ndani, basi apigwe picha ya eksirei, wala asikandwe. Akiwa salama kwa kipimo hicho, atapumzisha mguu, ataupoza kwa kitambaa chenye maji baridi, ataufunga bendeji isiyobana sana na kuuinua juu ya mto. Hapo ndipo komfri inapopata nafasi yake, nayo ni nafasi ya msaidizi.

Ithibati ya msaada huo ni ya kisayansi. Huko Ujerumani, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, wagonjwa 164 waliotegukwa na vifundo waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapakwa marhamu ya mzizi wa komfri na la pili jeli ya diklofenaki, mara nne kwa siku kwa muda wa siku saba. Na marhamu ya komfri haikuzidiwa na jeli hiyo ya duka la dawa, si katika kutuliza maumivu wala katika kupunguza uvimbe. Ndani ya mzizi mna alantoini, ambayo husaidia seli kujijenga upya, mna asidi ya rozimarini, ambayo hutuliza uvimbe, na mna ute mwingi unaopoza. Lakini msomaji aliangalie jambo moja kwa makini: marhamu iliyojaribiwa ilitengenezwa kiwandani, kwa mzizi ulioondolewa karibu sumu yake yote. Yule anayechuma majani nyuma ya jiko lake na kuyatwanga hana marhamu hiyo. Ana mmea mzima pamoja na yote yaliyomo, na kwa hiyo masharti yake hayana budi kuwa makali zaidi.

Masharti yenyewe ni haya. Majani huoshwa, hukatwakatwa na kupondwa kwa maji kidogo, kisha hufungwa ndani ya kitambaa safi, ili wale malaika wasiikwaruze ngozi, na kitambaa hicho huwekwa juu ya kifundo kwa saa chache, kisha ngozi ikaoshwa na mikono pia. Mzizi heri uachwe, kwa sababu sumu yake huweza kuwa mara kumi ya ile ya majani, na majani machanga nayo yamebeba zaidi kuliko yaliyokomaa, kinyume cha mazoea yetu ya kuchuma machipukizi. Shirika la dawa la Umoja wa Ulaya, katika kuidhinisha dawa za komfri za kupaka, limeweka mpaka wa siku kumi, tena kwa watu wazima tu. Na mwenye mimba, anayenyonyesha, pamoja na mwenye maradhi ya ini, afadhali ajiepushe kabisa. Uvimbe usiopungua ndani ya siku hizo hauombi komfri zaidi, unaomba tabibu.

Na kwa nini ngozi iwe nzima? Kwa sababu ngozi isiyo na jeraha ni kizuizi madhubuti. Panya waliopakwa dondoo ya komfri katika utafiti mmoja wa mwaka 1982 walionekana kupitisha sumu hiyo kwa kiasi kidogo mno, mara ishirini hadi hamsini chini ya wale waliolishwa. Penye mchubuko, kidonda, au upele uliokunwa hata ukatoka damu, kizuizi hicho kimevunjika, na kilichowekwa juu ya ngozi kinaweza kuingia katika damu kana kwamba kimenywewa. Kijana aliyeanguka uwanjani aghalabu hukwaruzika hapo hapo alipoteguka. Basi mwenye kumtibu na atazame kifundo chote kwenye mwanga kabla ya kuweka kitambaa, na akiona hata mkwaruzo mdogo, aiache komfri.

Sasa tuingie ndani. Sumu tunayoizungumzia ni kundi la kemikali ziitwazo alkaloidi za pirolizidini, ambazo mmea umejitengenezea ili wadudu na wanyama wausaze. Ajabu yake ni kwamba alkaloidi hizo, zinapofika tumboni, bado hazijawa kali. Ini, kwa desturi yake ya kubadili kila kigeni kilichoingia ili kipate kutolewa kwa mkojo, huzishika na kuzibadili kwa vimeng'enya vyake. Na katika kubadilishwa huko ndipo zinapogeuka kuwa kitu kikali kisichoweza kutulia, kinachoshikamana papo hapo na protini na vinasaba vya seli zilizo karibu. Kwa hiyo ini ndilo linaloitengeneza sumu hiyo, na ndilo la kwanza kuumwa nayo.

Zinazopigwa kwanza ni seli nyembamba zinazotandaza kuta za vijishipa vidogo kabisa vya damu ndani ya ini. Kuta hizo huvimba na kubomoka, vijivena vinavyotoa damu katika ini huziba kidogo kidogo, damu hurudi nyuma na kusongamana, na maji yake huchuruzika kwenye nafasi ya tumbo. Ndipo mtu huhisi uzito na maumivu chini ya mbavu za kulia, akaona mkanda haumtoshi ilhali mikono inakonda, uzito ukapanda kwa siku chache bila ya kula zaidi, na baadaye macho yakawa manjano. Walakini palipo na vikombe vidogo vidogo vya kila siku, hayo yote huweza kuchelewa miezi mingi, na seli zilizoguswa hukaa bila ya kuweza kugawanyika, hata ini likajaa makovu ambayo hayarudi kuwa nyama njema. Ukimya huu ndio unaowadanganya wanywaji: mtu anakunywa mwezi wa kwanza asione kitu, akautangaza uzima wake kwa majirani.

Mwaka 1985 madaktari wa Marekani waliandika habari za mwanamke wa miaka 49 aliyejaa maji tumboni kwa kuziba vena za ini, naye alikuwa akitumia chai ya mitishamba na vidonge vyenye komfri kwa miezi kadhaa. Mwaka 1990 iliandikwa habari ya kijana wa miaka 23 wa New Zealand, aliyekuwa akila majani ya komfri kama mboga. Ini lake likashindwa kazi akafa. Mwaka 2001 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikawataka watengenezaji waiondoe komfri katika bidhaa zote za kumeza.

Wala tusidhani haya ni mambo ya ughaibuni. Katika wilaya ya Tahtay Koraro, jimbo la Tigrai nchini Ethiopia, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakijiji waliugua na kufa kwa matumbo yaliyojaa maji, na uchunguzi ukaonyesha kuwa nafaka yao ilichanganyika na mbegu za gugu liitwalo Ageratum, ambalo huota pia katika mashamba yetu ya Ziwa. Alkaloidi iliyopatikana katika nafaka ile ni mojawapo ya zile zile zinazopatikana ndani ya komfri. Hawakujua kuwa wanakula sumu. Anayechemsha komfri huichuma kwa mkono wake.

Hoja ninayoisikia mara nyingi kutoka kwa wafugaji ni kwamba sungura huila na kunenepa, basi itamdhuruje mtu? Jawabu ni kwamba maini hayafanani. Sungura na kondoo huzistahimili alkaloidi hizi kuliko sisi, kwa kuwa miili yao hubadili sehemu kubwa ya sumu kwa njia nyingine isiyo na madhara. Nguruwe na farasi hawana bahati hiyo. Tena kuku wa nyama huchinjwa baada ya majuma machache tu, kabla ya ini lake kupata wasaa wa kudhihirisha ugonjwa. Unono wa mnyama wa kuchinjwa si shahidi wa afya ya mtu anayetaraji kuishi miaka sabini.

Hakuna dawa ya kuitengua sumu hii baada ya kumezwa, na kuchemsha hakuiondoi. Basi aliyekuwa akiinywa na aiache leo, bila ya kungoja dalili, aende hospitali akaombe kipimo cha damu cha kazi ya ini, na akifika mbele ya daktari autaje mmea kwa jina, komfri au mabaki, au achukue jani lake mkononi, kwa sababu ini lililoharibiwa na komfri hufanana mno na lililoharibiwa na homa ya ini ya virusi au na pombe, na daktari asiyeambiwa hana njia ya kubahatisha.