Mwanasesere, Vibao vya Kujengea na Mazoezi ya Akili ya Mtoto

Mwaka 1978 wataalamu wawili wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, Caroline Smith na Barbara Lloyd, walichapisha matokeo ya jaribio lililokuwa jepesi mno kulifanya. Akina mama 32 waliombwa, mmoja baada ya mwingine, wacheze kwa muda mfupi na mtoto mchanga wa miezi sita ambaye si wao. Mtoto aliweza kuvikwa nguo za kike na kuitwa jina la kike, ama kuvikwa nguo za kiume na kuitwa jina la kiume, bila kujali jinsia yake halisi. Kando yao viliwekwa vitu vya kuchezea, miongoni mwavyo mwanasesere na nyundo ya kitoto. Mama aliyedhani kwamba amepakata msichana alielekea kumpa kwanza mwanasesere. Aliyedhani kwamba ni mvulana alielekea kumpa nyundo. Mtoto anayedhaniwa kuwa wa kiume alihimizwa pia kujirusha na kutupa viungo zaidi. Hakuna mama aliyeambiwa afanye hivyo. Nguo na jina vilitosha.

Mtoto wa miezi sita hana chaguo katika jambo hilo, kwa hiyo jaribio la Sussex linaeleza tabia ya mtoaji wala si ya mpokeaji. Lakini kinachotiwa mkononi mwa mtoto leo hukaa naye kwa miezi au miaka, na saa anazokitumia ni saa za mazoezi. Swali lenye uzito wa kisayansi basi ni hili: mazoezi gani yamo ndani ya kitu kile, na ni nani anayeyakosa?

Sehemu ya jibu imetoka Afrika Mashariki, na haikuhusu vitu vya kununuliwa dukani. Mnamo miaka ya mwisho ya 1960 Robert na Ruth Munroe walifanya utafiti miongoni mwa Walogoli wa magharibi ya Kenya. Walipima umbali kati ya mtoto na nyumba yao wakati asipokuwa ametumwa na mtu, kisha wakampa kazi ndogo ndogo kama vile kuiga mpangilio wa vibao. Wavulana, kwa wastani, walionekana mbali zaidi na nyumbani kuliko wasichana, na watoto waliozoea kwenda mbali walizimudu kazi hizo vizuri zaidi. Utafiti wa namna hiyo hiyo ulifanywa kwa Wagusii na kuchapishwa mwaka 1971. Msichana aliyekuwa karibu na jiko na mdogo wake mgongoni hakupungukiwa na akili. Alipungukiwa na njia za kukumbuka, vichaka vya kuzunguka na vijito vya kuvuka.

Uwezo unaozungumzwa hapa ni ule wa kuliona umbo akilini, kuligeuza upande wa pili na kukisia jinsi litakavyokaa pamoja na umbo jingine. Mwanafunzi wa sekondari huuhitaji katika michoro ya ufundi, anapopewa sura ya mbele, ya juu na ya ubavuni akatakiwa aunde kitu kizima. Huuhitaji katika jometri, katika kusoma ramani yenye mistari ya kontua, na katika kemia anapotaka kujua molekuli mbili zinafanana au ni kama mkono wa kulia na wa kushoto. Walimu wengi wa masomo hayo wamekwisha kuona wasichana hodari wa hesabu wakikwama mbele ya mchoro mmoja, na wengine hukata shauri haraka mno kwamba ndivyo walivyozaliwa.

Yapo mambo mawili ya kuwazuia wasikate shauri hilo. La kwanza ni kwamba uwezo huu hufundishika. Mwaka 2013 David Uttal na wenzake walikusanya tafiti 217 za mafunzo ya aina hii, wakaona kwamba mafunzo huongeza uwezo, kwamba ongezeko hilo linaweza kudumu, na kwamba wanaume na wanawake wote hunufaika. La pili limo katika utafiti wa Jamie Jirout na Nora Newcombe wa mwaka 2015, uliohusu watoto 847 wa Marekani wenye umri wa miaka 4 hadi 7. Waliocheza mara nyingi na vibao, mafumbo ya kuunganisha vipande na michezo ya ubaoni walipata alama za juu zaidi katika kuiga mpangilio wa vibao, na waliocheza mara nyingi zaidi walikuwa wavulana. Ni kweli kwamba utafiti wa aina hii hauthibitishi chanzo, kwani mtoto mwenye kipaji huenda ndiye anayependa vibao. Lakini ukiwekwa pamoja na tafiti za mafunzo, unaonyesha njia.

Ili kuona zoezi lenyewe, tuchukue zawadi inayoweza kutengenezwa na seremala yeyote. Ubao laini wenye upana wa sentimita 5 na unene wa sentimita 2.5 hukatwa vipande vya urefu wa sentimita 10. Ubao wa mita 4 ungetoa vipande 40, lakini msumeno hula kiasi cha milimita 3 kila unapopita, hivyo hupatikana 38. Kingo hupigwa msasa, rangi haihitajiki. Vipimo hivyo havikuchaguliwa ovyo. Uwiano wake ni 1:2:4, uwiano ule ule wa vibao alivyobuni mwalimu Caroline Pratt wa New York mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kibao kilicholala kina kimo cha sentimita 2.5, kilichosimama kwa ubavu kina 5, na kilichosimama wima kina 10. Mtoto akitaka ukuta uliolingana juu hugundua kwamba viwili vilivyolala hulingana na kimoja cha ubavu, na vinne na kimoja cha wima. Hajaambiwa neno juu ya nusu wala robo, lakini mikono yake imekwisha kuzijua.

Msichana wa miaka minne akipewa vibao hivyo, kwa kawaida atavipanga kwanza safu au atavirundika mnara. Siku moja atajaribu daraja: viwili wima, kimoja juu. Akiitenganisha miguu kwa sentimita 10 au zaidi, kile cha juu huanguka katikati. Mara ya kwanza atalaumu kibao. Baadaye atasogeza mguu mmoja, atajaribu tena, na hatimaye atakadiria kwa jicho kabla ya kuweka. Hapo ndipo zoezi la akilini linapoanza, na mtazamaji hulitambua kwa kituo kifupi: mkono unasita hewani, kibao kinageuzwa, ndipo kinashushwa. Mtu mzima anayemwonyesha jibu kabla ya kituo hicho amemnyang'anya nusu ya zawadi. Mtoto mkubwa wa miaka minane anaweza kuongezewa ugumu kwa kuombwa achore jengo lake kama linavyoonekana na mtu aliyeketi upande wa pili, kisha azunguke kuhakikisha.

Zawadi ya mwanasesere kwa mvulana huzua ubishi mkali zaidi. Msichana mwenye nyundo husifiwa kuwa shujaa. Mvulana mwenye mwanasesere huogopewa. Hapa pia ushahidi wa kale umetoka Kenya. Carol Ember alifanya utafiti miongoni mwa Wajaluo wa Oyugis, akauchapisha mwaka 1973. Kwa desturi ya hapo kuteka maji, kupika na kulea mtoto mchanga zilikuwa kazi za wasichana, lakini katika nyumba isiyokuwa na binti wa umri unaofaa mama alimpa mvulana kazi hizo. Ember aliona kwamba wavulana waliofanya kazi nyingi za namna hiyo, hasa zile za ndani ya nyumba, walikuwa wapole zaidi kwa wenzao na hawakupenda sana kuwatawala, hata wakati walipokuwa hawafanyi kazi hizo. Hawakuchaguliwa kwa upole wao, bali kwa kukosa dada.

Bila shaka mtoto mchanga halisi si mwanasesere. Analia kweli, na mwanasesere hulia pale tu anaposemewa. Lakini huko kusemewa ndilo zoezi. Mvulana anayesema kwamba mtoto wake wa matambara ana homa na hataki dawa analazimika kushika mawazo mawili, lake na la mwingine. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walipima shughuli za ubongo wa watoto wa miaka 4 hadi 8, wakaona kwamba wakicheza peke yao na wanasesere, sehemu ya ubongo inayohusika na kuwaelewa watu wengine ilifanya kazi zaidi kuliko walipocheza peke yao mchezo wa kompyuta ya mkononi. Yafaa msomaji ajue kwamba utafiti huo uligharimiwa na kampuni ya Mattel, inayouza wanasesere. Jambo hilo haliyafanyi matokeo kuwa ya uongo, ila ni sababu ya kungoja wengine wayarudie.

Isidhaniwe kwamba mapenzi yote ya watoto hutoka kwa wazazi. Mwaka 1992 Sheri Berenbaum na Melissa Hines walionyesha kwamba wasichana ambao, kwa sababu ya hali ya kuzaliwa nayo, walipata homoni nyingi za kiume wakiwa tumboni, walicheza zaidi na vitu vya wavulana kuliko jamaa zao wa kike. Mwili una sauti yake. Lakini sauti hiyo huhusu wastani wa kundi, nayo haisemi lolote la hakika juu ya Asha au Juma aliyepo mbele ya mtoaji. Kwa sababu hiyo kumpokonya mvulana gari lake la waya ili ashike mwanasesere ni kosa lile lile lililogeuzwa juu chini. Kinachofaa ni kuongeza kitu cha pili kando ya kile cha kwanza.

Mara nyingi zawadi huharibiwa kwa neno moja wakati wa kuitoa. Mwaka 1986 Marilyn Bradbard na wenzake waliweka vitu vigeni katika masanduku, mengine yameandikwa kuwa ni ya wavulana, mengine ya wasichana. Vitu vilikuwa vile vile, lakini watoto walivigusa na kuvichunguza kidogo vilipoitwa vya jinsia nyingine, na baada ya juma moja walikumbuka machache juu yake. Mjomba anayekabidhi vibao akisema kwa kicheko, "Haya, leo umekuwa mvulana," amekwisha kubandika maandishi hayo juu ya sanduku.

Vibao vikikaa kabatini bila kuguswa, kwa hiyo, mzazi achunguze kwanza yaliyosemwa siku ile, na kama yupo mtu mzima aliyewahi kuketi chini akajenga pamoja na mtoto bila kumwelekeza. Viwekwe mahali anapovifikia mwenyewe, pamoja na wanasesere wake kama anao, kwani wanasesere huhitaji nyumba, na nyumba huhitaji ukuta na kizingiti. Msichana aliyevikataa vibao kama vibao mara nyingi huvichukua siku anapotaka kumjengea mtu wake mlango unaomtosha kupita akiwa wima.